Barua kwa Asiyekuwepo Kikaoni

Vikao vingi vya mauzo kwetu huishia mlangoni, watu wakiagana, kwa neno moja: "Tutawasiliana." Ni neno la heshima. Anayelisema hajakataa, na anayeambiwa hajaaibika. Kasoro yake ni kwamba halina siku, wala halisemi nani ataanza. Muuzaji anarudi ofisini na kumwambia bosi wake kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri, mteja anarudi kwenye shughuli zake, na baada ya wiki tatu kila mmoja bado anamsubiri mwenzake.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Jioni ile ile, au asubuhi inayofuata kabla kazi nyingine hazijakushika, unamwandikia mteja barua pepe ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu: tuliyoyasikia kwenu, njia tunazopendekeza, na jambo litakalofanyika tarehe fulani. Wauzaji wengi wanalijua hilo. Wanachokosea ni msomaji. Wanamwandikia mtu waliyekaa naye, kumbe msomaji mwenye uzito ni yule ambaye hakuwepo.

Fikiria anayenunua ni nani. Katibu wa ushirika haamui peke yake, ana bodi. Mkuu wa shule ana mhasibu na kamati. Hata mwenye duka la jumla ana mke au kaka aliyetoa nusu ya mtaji. Mtu uliyeketi naye atalazimika kuyabeba maneno yako na kuyaingiza katika chumba ambacho wewe hutakanyaga, mbele ya watu wasiokujua. Usipomwandikia, atayabeba kichwani. Na kama wiki hiyo amesikiliza wauzaji watatu, bei ya mmoja itabandikwa kwenye mashine ya mwingine bila yeye kukusudia.

Ili tuone barua yenyewe badala ya kuizungumza tu, nimetunga mfano. Wahusika na bei ni vya kubuni, ila habari za kupoza maziwa ni za kweli, na ndizo zitakazotuonyesha barua hii inafanya kazi gani.

Tuseme kuna chama cha ushirika cha wafugaji wilayani Rungwe, ambako ng'ombe wa maziwa ni sehemu ya maisha ya kaya nyingi. Chama kina kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi la kupozea la lita 1,000. Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 muuzaji wa mitambo ya maziwa anatoka Mbeya, anakutana na Katibu na Mwenyekiti, anatembezwa kituoni, anakunywa chai, anaagwa kwa lile neno letu. Ijumaa asubuhi anaandika hivi:

> Tangi la maziwa: tuliyozungumza Alhamisi 6 Machi, na ukaguzi wa Jumanne 18 Machi
>
> Ndugu Katibu,
>
> Salaam. Nakushukuru wewe na Mama Mwenyekiti kwa kunipokea jana na kunitembeza kituoni. Naandika niliyoyasikia ili unisahihishe nilipokosea.
>
> Mlinieleza kwamba msimu wa mvua mnapokea hadi lita 1,500 kwa siku, asubuhi na jioni, wakati tangi lenu ni la lita 1,000. Mama Mwenyekiti alisema, "Kuna siku tunawarudisha watu na madumu yao." Umeme hukatika mara mbili au tatu kwa wiki, na mwezi Februari mlimwaga maziwa mara mbili. Gari la kiwanda huja kila siku saa 9 alasiri. Bodi itakaa Jumamosi tarehe 15 Machi, na bado haijatenga fedha.
>
> Naona njia tatu.
>
> Ya kwanza: tangi jipya la lita 2,000 lichukue nafasi ya la sasa, na sisi tununue la zamani. Mtalipa takriban shilingi milioni 42. Hii inaondoa tatizo la kurudisha maziwa.
>
> Ya pili: la zamani libaki, tuongeze jipya la lita 1,000 kando yake. Takriban milioni 31. Ni nafuu, ila mtahudumia mashine mbili.
>
> Ya tatu: msimu huu mnunue jenereta tu, takriban milioni 24. Hii inaokoa maziwa umeme unapokatika, lakini haiongezi nafasi hata ya lita moja.
>
> Kwa niliyoyasikia, ningeanza na ya kwanza. Bei hizi ni makadirio, zina kodi zote zinazohusika na usafiri hadi kituoni. Katika njia ya kwanza na ya pili hazina jenereta, sakafu ya zege, wala gharama za kuvuta umeme wa njia tatu.
>
> Hatua inayofuata: Jumanne tarehe 18 Machi 2025, saa 4 asubuhi (10:00), fundi wetu atakuwa kituoni kupima umeme na sakafu. Kabla ya hapo, ifikapo Ijumaa tarehe 14 Machi, naomba picha ya kurasa za Februari za daftari la mapokezi ya maziwa. Bei kamili kwa maandishi utaipata Ijumaa tarehe 21 Machi. Bodi ikiamua kuahirisha, nijulishe Jumatatu tarehe 17 kabla ya saa 8 mchana ili fundi asisafiri.
>
> Wako katika kazi,

Ndiyo barua nzima. Haina historia ya kampuni wala neno "inayoongoza". Sasa tuifungue.

Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa ndiyo inayoonekana nyepesi. Muuzaji anayeandika mahitaji ya mteja ana kishawishi cha kuandika bidhaa yake kwa mlango wa nyuma. "Mnahitaji tangi la kisasa lenye kidhibiti joto cha kidijiti." Hakuna mfugaji aliyesema hivyo. Alisema anawarudisha watu na madumu yao. Kuna namna rahisi ya kujikagua: soma aya ya mahitaji na utafute kama kuna jina la kitu unachouza wewe. Likiwepo, limepotea njia, lihamishie chini. Mahitaji ni mambo yaliyokuwepo kabla hujafika.

Neil Rackham, Mwingereza aliyeongoza utafiti mkubwa kuhusu mazungumzo ya mauzo na kuuchapisha mwaka 1988, alitenganisha aina mbili za mahitaji kwa namna inayosaidia sana hapa. Kuna mteja anayelalamika, "Umeme unatusumbua." Na kuna anayesema, "Tunataka Februari ijayo tusimwage hata dumu moja." La kwanza ni shida; la pili ni nia. Katika mauzo makubwa, yanayochukua vikao kadhaa, Rackham aliona kwamba la kutegemewa ni la pili. Watu huishi na shida zao kwa miaka bila kutoa senti. Kwa hiyo unapoandika barua, pitia daftari lako na ujiulize ni yapi kati ya uliyoyasikia yalikuwa malalamiko ya kupitisha muda na ni yapi mtu aliyasema akitaka yafanyiwe kazi. Yale ya pili yaandike kwa maneno yake mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu. Mwenyekiti akiiona sentensi yake kwenye barua atajua alisikilizwa, na mjumbe wa bodi ambaye hakuwepo atamsikia mwenyekiti wake akisema, si muuzaji.

Lakini angalia usinukuu kila kitu. Pengine Katibu, mkiwa mnatembea kuelekea kwenye gari, alikunong'oneza kwamba mhazini ana urafiki na muuzaji mwingine, au kwamba tangi la sasa liliharibiwa na meneja aliyefukuzwa. Hayo ni ya kukusaidia wewe, si ya kuandikwa. Barua hii itapelekwa mbele kwa kubonyeza kitufe kimoja, na huyo mhazini ataisoma. Mimi hupendekeza kila mwandishi aisome barua yake mara moja akijifanya ni yule mtu asemwaye vibaya mlangoni. Utashangaa ni maneno mangapi unayafuta.

Sasa turudi kwenye ile sentensi fupi: "ili unisahihishe nilipokosea." Wengi huiona ni adabu tu. Katika mfano wetu ndiyo iliyookoa mamilioni.

Ijumaa mchana Katibu anajibu. Asante, yote sawa, isipokuwa jambo moja: maziwa ya jioni hawapokei. Wanachama wengi wanakaa mbali na njia ni za utelezi, kwa hiyo maziwa yote, zile lita 1,500, hufika kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Muuzaji alisikia "1,500 kwa siku" na kichwa chake kikazigawa mara mbili, kwa sababu vituo alivyovizoea hupokea mara mbili.

Kwa asiyejua matangi, tofauti hiyo haina maana: lita 1,500 zinaingia kwenye tangi la lita 2,000 na nafasi inabaki. Ila tangi la kupozea halinunuliwi kwa ujazo peke yake. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la nyuzi 35 hivi au zaidi, nayo yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 upesi, kabla bakteria hawajazaana. Matangi hupangwa kimataifa kwa idadi ya mikamuo. Tangi la mikamuo miwili limetengenezwa likitarajia nusu ya ujazo wake iingie kwa mara moja, lipoe, ndipo nusu nyingine iongezwe. Kwa daraja linalotumika sana, hiyo nusu hupozwa kutoka nyuzi 35 hadi 4 kwa muda wa saa tatu. Maana yake ni kwamba tangi la lita 2,000 la aina hiyo ni, kwa kazi ya asubuhi moja, mashine ya kupoza lita 1,000. Ukilimiminia lita 1,500 kwa pamoja halitakataa. Litanguruma hadi mchana, na maziwa yatakaa katika joto la kati, lile ambalo bakteria wanalipenda. Gari la kiwanda likifika saa 9, mpokeaji anapima, anatikisa kichwa.

Njia ya kwanza, ile muuzaji aliyoipendekeza mwenyewe, ingewagharimu wafugaji milioni 42 na kuwaachia tatizo jipya mahali pa la zamani. Ya pili nayo haitoshi: matangi mawili ya lita 1,000 yanapoza lita 500 kila moja kwa mkupuo. Baada ya kusoma jibu la Katibu, muuzaji anaandika tena, mistari michache tu. Tangi la zamani lisiuzwe. Jipya la lita 2,000 likae kando yake. Jipya lipokee lita 1,000, la zamani lita 500, jumla 1,500 inayotakiwa. Bei inapanda hadi milioni 48 kwa kuwa hakuna tena la zamani la kununuliwa. Anaongeza kwamba hesabu hiyo haina ziada hata kidogo, na kwamba chama kikitarajia kupata wanachama wapya, wazungumzie tangi kubwa zaidi.

Hapo utaona kwa nini barua inayopongezwa kwa "nimeipokea, asante" si lazima iwe nzuri kuliko inayosahihishwa. Kosa hili lilikuwepo tangu Alhamisi. Lingeweza kujitokeza siku ya kufunga mashine, fundi akiwa na spana mkononi, au Aprili, maziwa yakiwa yameshachacha. Lilijitokeza siku moja baada ya kikao kwa sababu muuzaji aliandika "asubuhi na jioni" waziwazi badala ya kuandika "mahitaji yenu ya maziwa mengi". Maelezo ya jumla hayasahihishiki. Hakuna mtu atakayekuandikia kukwambia kwamba "mahitaji mengi" si kweli.

Kuhusu njia zinazopendekezwa nina machache. Mbili au tatu zinatosha. Ikiwa moja tu, bodi itajadili kununua au kutonunua, na kutonunua ni rahisi siku zote. Zikiwa sita, Katibu hataweza kuzieleza bila kuchanganya. Kila njia iseme inatibu hitaji lipi na inaacha lipi, kama ile ya jenereta ilivyokiri kwamba haiongezi nafasi hata ya lita moja. Muuzaji anayekiri kasoro ya njia moja huaminiwa anaposifu nyingine. Kisha aseme angechagua ipi na kwa nini. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni kumlazimisha mteja. Mimi naona kumwachia mfugaji orodha ya mashine bila ushauri ni kumtelekeza.

Bei ziandikwe, hata kama ni za kukadiria, na yasiyokuwemo yatajwe kwa majina yake. Sakafu ya zege ni kitu kidogo kwa muuzaji. Kwa chama ni mifuko ya simenti ambayo haikuwa kwenye hesabu. Na neno "makadirio" lina kazi yake. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inakubali kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa njia ya kielektroniki. Ukiandika bei kamili, masharti, na maneno kama "tunakuuzia", mteja akajibu "tumekubali", usishangae ukiambiwa kwamba mmeshafunga mkataba. Kwa hiyo barua ya baada ya kikao iseme wazi kwamba ni makadirio, na hati ya bei yenyewe, yenye muda wake wa kudumu, ije siku yake.

Tufike kwenye tarehe, maana hapa ndipo barua nyingi nzuri hufia. Rackham na wenzake walichunguza mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000, na moja ya waliyoyaona ni kwamba kikao kisichozaa oda kinaweza kuzaa vitu viwili vinavyofanana kwa nje. Mteja anaweza kukubali kufanya jambo mahususi linaloisogeza biashara mbele: kumpokea fundi, kuleta daftari, kumkutanisha muuzaji na mhazini. Au anaweza kusema mazungumzo yalikuwa mazuri na tuendelee kuwasiliana. La kwanza Rackham alilihesabu kuwa mafanikio. La pili alilihesabu pamoja na kushindwa, hata kama mteja alitabasamu. Kwa kipimo hicho, "tutawasiliana" yetu ni kushindwa kulikovaa kanzu nyeupe.

Ndiyo maana hatua inayofuata katika barua ile ina kazi ya pande zote mbili. Fundi atasafiri, Katibu atapiga picha kurasa za daftari. Kazi ya Katibu ni ndogo makusudi, dakika tano za simu, lakini akiifanya anakuwa ameshiriki, na asipoifanya muuzaji anajua mapema. Angalia pia kwamba hatua ya mteja ilipangwa kuzunguka kikao cha bodi cha tarehe 15, siyo mwisho wa mwezi wa kampuni ya muuzaji. Mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani, na Idd el-Fitri iliangukia mwishoni mwake. Aliyepanga ukaguzi Jumatatu tarehe 31 alikuwa amepanga siku ya sikukuu.

Namna ya kuiandika tarehe nayo ina mitego yake, mingine ni ya kwetu tu. "Wiki ijayo" ikiandikwa Ijumaa na kusomwa Jumatatu imeshahama. "03/04/2025" kwa Mtanzania ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma Machi 4. Andika jina la siku, tarehe, jina la mwezi. Jina la siku linaonekana la ziada, ila linakulinda: ukiandika "Jumatano tarehe 18 Machi" msomaji ataona mgongano na kukuuliza, wakati "tarehe 18" peke yake isingeonyesha kwamba umekosea.

Saa ndiyo balaa kubwa. Sisi tunahesabu tangu alfajiri, simu inahesabu tangu usiku wa manane. "Saa 4 asubuhi" kwa Katibu ni saa ambayo jua limepanda na watu wamekunywa chai. Mfadhili kutoka nje, au kijana wa ofisi ya Nairobi anayejaza kalenda ya kompyuta kwa haraka, ataweka 4:00, na mwaliko utamlilia fundi kabla jogoo hajawika. Ndiyo sababu barua yetu imeandika saa 4 asubuhi kisha 10:00 kando yake. Inachosha jicho kidogo, lakini nimeona vikao vilivyovunjika kwa saa sita kamili, pande zote zikiapa kwamba zilifika kwa wakati.

Kuna mambo ya simu pia. Katibu wa ushirika huenda hana kompyuta. Anasoma barua pepe kwenye simu yenye ufa, kwa bando la siku. Kiambatisho chenye picha za kung'aa za matangi, megabaiti 12, hakitafunguka. Weka maneno yote ndani ya barua yenyewe na picha zisubiri. Kisha mtumie ujumbe mfupi wa WhatsApp: nimekuandikia barua pepe, naomba uiangalie aya ya mahitaji. Wapo wanaouliza kwa nini isiandikwe yote huko WhatsApp. Kwa biashara ndogo sawa. Lakini ujumbe ule utamezwa na salamu za asubuhi na picha za harusi, na mhazini akiuomba baada ya wiki mbili, Katibu atazungusha kidole mpaka kichoke. Barua pepe ina kichwa cha habari, na kichwa kikiwa na jina la kitu na tarehe, hutafutika.

Njia hii ina mipaka. Taasisi ya umma nchini Tanzania hainunui kwa barua ya muuzaji. Zabuni hupitia mfumo wa NeST, na zabuni ikishatangazwa, maswali na majibu hupitia huko huko kwa washindani wote. Ukimwandikia ofisa manunuzi pembeni kwa maneno matamu na bei, unamtia matatani na kujiondoa mwenyewe. Kwa taasisi kama hizo barua ya baada ya kikao ibaki kwenye mahitaji ya kiufundi yaliyozungumzwa kabla ya zabuni, basi. Na ipo hali ambayo barua haifai kabisa kuandikwa kwa sura hii: pale ambapo kikao kilionyesha kwamba mteja hahitaji unachouza. Hapo shukrani ya mistari mitatu na ukweli ndiyo barua.

Je, pakiwa kimya? Ijumaa tarehe 14 ikipita bila picha za daftari, muuzaji hana haja ya ile sentensi inayochosha, "nilikuwa nakukumbusha tu." Tarehe ilikuwepo kwenye barua, na sasa inampa sababu ya kweli ya kupiga simu: Ndugu Katibu, fundi anapakia vifaa Jumatatu, je, aje? Hilo ni swali la kazi, si la kuombaomba. Jibu likiwa "ngoja kwanza", muuzaji amejua, na shilingi za mafuta zimebaki mfukoni.

Katika mfano wetu picha zilikuja Alhamisi, kurasa nne, moja imepigwa ikiwa imelala ubavu. Hesabu za daftari zilikubali: maziwa yote asubuhi, na siku mbili za Februari zenye neno "yamemwagwa" kwa wino mwekundu. Bodi ilikaa Jumamosi. Jioni, Katibu akatuma mstari mmoja: "Tumeisoma barua kikaoni. Mhazini anauliza, je, jenereta imo kwenye hiyo milioni 48?"

Muuzaji hakuwahi kumwona mhazini huyo. Alifungua barua yake ya tarehe 7, akanakili sentensi inayoanza "Katika njia ya kwanza na ya pili hazina jenereta", akaongeza kwamba hesabu mpya nayo haina, na kwamba ikiwekwa pamoja jumla ni milioni 72, akaituma. Jibu lilirudi baada ya dakika chache, safari hii kutoka kwa anwani asiyoijua: "Sawa. Fundi aje Jumanne, nami nitakuwepo."

Jumanne tarehe 18 saa 1 na nusu asubuhi fundi aliondoka Mbeya mvua ikinyesha, kipima umeme kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki.